Mgombea wa Kwenye Bango na Mgombea wa Jukwaani

(Haya ni maelezo niliyoyatoa kwenye semina ya vijana wetu hapa Mbeya Mjini. Wengi mliniomba niyaweke kwa maandishi. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, ila nimepunguza zile "yaani" zangu.)

Makamanda wenzangu, poleni na safari, hasa mliotoka Uyole na Iwambi kwa miguu yenu na nauli zenu.

Nimepewa mada ya mabango. Waliotangulia wameongea kuhusu kubandika, wapi panaruhusiwa na wapi hapana. Mimi nitaongea kuhusu kitu kinachotokea kabla bango halijafika ukutani, pale mnapokuwa wawili watatu mbele ya kompyuta, mmefungua picha ya mgombea, na mmoja anasema: "Mtoe hayo makunyanzi bwana, aonekane kijana." Hapo ndipo pana swali langu. Kumsafisha mgombea kunaishia wapi, na kumdanganya mpiga kura kunaanzia wapi?

Nianze na kosa letu wenyewe. Mwaka 2024, uchaguzi wa serikali za mitaa, tulikuwa na mama mmoja anagombea uenyekiti wa mtaa. Mama wa miaka hamsini na kitu, anauza viazi sokoni, mtaa mzima unamjua. Tukampiga picha kwa simu, mchana kweupe, jua la utosi. Picha ikatoka mbaya: vivuli chini ya macho, pua imekuwa kubwa, ngozi imekuwa nyeusi ya kijivu. Tukaipeleka kwa kijana wetu wa grafiki, naye hakulala. Asubuhi tukapata mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mweupe, shingo nyembamba, hana unywele mmoja wa mvi. Tukashangilia, tukachapa nakala mia mbili za A3.

Siku ya kwanza ya kubandika, bibi mmoja akasimama, akaangalia bango muda mrefu, akauliza: "Huyu binti ametoka wapi? Mimi nimeambiwa tunamchagua mama fulani." Tukamwambia ndiye huyo huyo. Akacheka, akasema basi chama chenu mna uchawi. Jioni tukampelekea mgombea mwenyewe. Hakucheka. Alisema: "Mmenifutia miaka ishirini, na hiyo miaka ishirini ndiyo niliyokaa nao hapa mtaani." Tukachapa upya kwa hela ya mifuko yetu.

Hakuna aliyekusudia kudanganya. Ndiyo maana nataka tulichambue hili taratibu, kwa sababu neno "kuediti" linabeba vitu viwili tofauti.

Kitu cha kwanza ni kurekebisha kosa la kamera. Kamera ya simu ikiwa karibu na uso, kama nusu mita, kilicho mbele hukua kuliko kilicho nyuma. Pua inakua, masikio yanarudi nyuma. Pua ya yule mama haikuwa kubwa. Ni sisi tuliosimama karibu mno. Dawa yake wala si kompyuta. Rudi nyuma hatua tatu, karibu mita mbili, halafu vuta kwa zumu. Jua la utosi nalo linachimba mashimo machoni ambayo mtu hana. Mpeleke kivulini, kwenye baraza, uso ukielekea kwenye mwanga wa nje. Ukifanya haya mawili, nusu ya kazi ya kuediti imekwisha kabla hujafungua programu.

Halafu kuna wino. Picha kwenye kioo cha simu inatengenezwa na mwanga, kwenye karatasi inatengenezwa na wino, na karatasi ya bei nafuu hunywa wino. Ngozi zetu zikichapwa bila kurekebishwa hugeuka tope, macho yanapotea. Hivyo kuongeza mwanga kidogo kabla ya kuchapa si uongo. Unamrudishia mtu rangi ambayo mashine ingemnyang'anya. Kipimo ni rahisi: chapa nakala moja tu ya majaribio, toka nje kivulini na mgombea, mwambie aweke mgongo wa mkono wake kando ya uso wake wa kwenye karatasi. Vikifanana, chapa. Karatasi ikiwa nyeupe kuliko mkono, umeshavuka, rudi mezani.

Kitu cha pili ni kumrekebisha mtu mwenyewe. Kwenye Photoshop kuna kifaa kinaitwa `Spot Healing Brush`, kinafuta doa. Kuna kingine kinaitwa `Liquify`, kinasukuma umbo: unapunguza shavu, unanyoosha pua, unabana kiuno. Hiki cha pili, kwa picha ya mgombea, mimi nasema tukifunge kabisa. Camera haijawahi kumwongezea mtu tumbo kiasi hicho. Na kile cha kwanza kina utaratibu wanaoujua watu wa picha: kitu ambacho kingeondoka chenyewe ndani ya wiki mbili, kama chunusi, jicho jekundu la kukosa usingizi, au mdomo uliokauka kwa baridi yetu ya Juni, unaweza kukifuta. Kovu, mvi, mwanya, kipara, jicho lenye tatizo, hivyo ni vya mtu. Vikae.

Mtu atauliza: mvi zina shida gani? Si urembo tu? Nani anapiga kura kwa sababu ya mvi?

Swali zuri, na limewahi kufika mahakamani. Si kwetu, ni Indonesia, mwaka 2019. Kule wana baraza la wawakilishi wa mikoa, kila mkoa unatoa viti vinne, na karatasi ya kura ina picha za wagombea. Katika mkoa wa Nusa Tenggara Magharibi, mwanamama Evi Apita Maya aliongoza kwa kura. Mgombea mmoja aliyeshindwa, Farouk Muhammad, akaenda Mahakama ya Katiba akilalamika kwamba mama huyo alihariri picha yake kupita mipaka ya kawaida, akajifanya mzuri kuliko alivyo, na kwamba watu walivutwa na ile sura. Dunia nzima ilicheka. Mahakama ilikataa madai Agosti mwaka huo huo, na Evi akaingia kwenye kiti chake.

Nilipolisoma shauri hili mara ya kwanza na mimi nilicheka. Mara ya pili nikaona ugumu wake. Hebu lilete hapa kwetu. Karatasi zetu za kura za urais, ubunge na udiwani nazo zina picha. Sheria ya Taifa ya Uchaguzi, ile iliyotumika mpaka 2020, kwenye kifungu cha 108 ilimtaka anayepinga matokeo kwa hoja ya sheria kukiukwa athibitishe vitu viwili: kwamba sheria ilikiukwa, na kwamba ukiukwaji huo uliathiri matokeo. Sasa kura ni siri. Utamleta shahidi gani aseme, "Mheshimiwa Jaji, mimi nilimchagua kwa ajili ya pua"? Na hata ukimpata mmoja, utahitaji maelfu. Kwa hiyo kesi ya sura karibu kila mahali itakufa kwenye ushahidi.

Lakini msitoke hapa mkisema basi ruksa. Mahakama inauliza kinachoweza kuthibitishwa. Sisi tuliokaa mbele ya kompyuta hatuhitaji ushahidi, tunajua tulichokusudia. Kwa hiyo swali letu ni hili: mabadiliko haya yanamfanya mpiga kura aamini nini kuhusu mtu huyu, je, ni kweli, na je, ni jambo ambalo watu hulitumia kuamua kura? Ukijibu "anaamini uongo, na analitumia kuamua", umevuka mstari, hata kama ni unywele mmoja.

Na jambo la kwanza ambalo Watanzania hulitumia ni afya. Tunajua kwa sababu tuliishi mwaka 2015. Mimi nilikuwa mtoto lakini hata shuleni tuliiga. Edward Lowassa aligombea urais kwa upande wa UKAWA, na kampeni nzima watu walinong'ona kuhusu afya yake. Upande wa pili, John Magufuli akapiga pushapu jukwaani mbele ya umati. Hakuhitaji kusema neno. Mwili wenyewe ulikuwa hotuba: mimi mzima, mwenzangu je?

Sasa kumbukeni Machi 2021. Aliyekuwa Makamu wa Rais, Mama Samia, alipotangaza msiba tarehe 17, alisema marehemu alikuwa akisumbuliwa na tatizo la mfumo wa umeme wa moyo kwa zaidi ya miaka kumi. Hesabu yake inarudi nyuma mpaka kabla ya zile pushapu. Sisemi hili kumkejeli marehemu, Mungu amrehemu. Pushapu zilikuwa za kweli, alizipiga mwenyewe, hakuna aliyeziediti. Ila zilitufundisha kusoma mwili wa mgombea kama cheti cha daktari, na kumbe siyo. Kama mwili wa kweli, mbele ya macho yetu, unaweza kutupa jibu lisilo sahihi, fikiria mwili uliotengenezwa na kijana wa grafiki usiku wa manane.

Kwa hiyo mgombea aliyekonda kwa ugonjwa, ukamjaza mashavu kwa `Liquify`, hujafanya urembo. Umetoa cheti cha afya cha uongo. Vilevile ukichukua picha yake ya miaka kumi na tano iliyopita. Hiyo haina hata doa la kuediti, kila alama ni ya kweli, na bado inadanganya, kwa sababu bango husema "huyu ndiye" bila kutaja mwaka. Hili wengi hulisahau. Wanakagua picha kama imeguswa, hawakagui ilipigwa lini. Tujiwekee utaratibu: picha ya bango iwe ya mwaka huu.

Upande huo huo tuna mfano unaonipa moyo. Tundu Lissu alipigwa risasi Dodoma tarehe 7 Septemba 2017. Akarudi nchini Julai 2020, akagombea urais, na kila aliyekwenda mkutanoni alimwona anavyotembea. Mwendo ule ulieleza yaliyompata. Mtu angeweza kuja na ushauri wa kitaalamu: tusionyeshe anavyotembea, inaonekana udhaifu. Kuuficha mwendo ule kungekuwa kufuta ushahidi. Alama za mwili wa mgombea mara nyingine ndizo sababu ya watu kumwamini, na tukizifuta tunamwibia na yeye.

Jambo la pili ni rangi ya ngozi, na hapa nitaongea kama mwanamke. Angalieni mabango ya uchaguzi wowote, hesabuni akina mama waliochapwa weupe kuliko walivyo. Akina baba tunawaachia mikunjo, tunasema ni busara. Mama tunamwosha kama nguo. Kijana wa grafiki akiulizwa anasema "nimempendezesha". Kumbe bila kusema ametangaza kwamba mama mweusi wa sokoni hafai kuwa kiongozi mpaka afanane na tangazo la mafuta ya ngozi. Anayedanganywa hapo ni mpiga kura, na anayetukanwa ni yule binti mweusi anayepita chini ya bango akienda shule.

Fikirini kuhusu Salum Barwany. Mwaka 2010 watu wa Lindi Mjini walimchagua kuwa mbunge kwa tiketi ya CUF, mtu mwenye ualbino wa kwanza kuchaguliwa jimboni katika nchi yetu, na ilikuwa miaka ambayo watu wenye ualbino walikuwa wanauawa. Maana yote ya ushindi ule ni kwamba watu walimwona alivyo na wakamchagua. Mtu akikaa mbele ya picha ya mgombea kama huyo na kusogeza kitufe cha rangi "ili apendeze", amefuta ushindi wenyewe kabla haujatokea.

Jambo la tatu ni mavazi. Studio zetu zinajua kubandika kichwa cha mtu kwenye suti. Mgombea udiwani hana suti, unampa ya kwenye kompyuta. Je, ni uongo? Mimi nasema suti ni jambo dogo, kila mtu anajua ni nguo ya kuazima hata ikiwa ya kitambaa. Ingawa ushauri wangu ni kwamba aazime ya kweli, maana ile ya kompyuta hukaa shingoni kama kola ya ng'ombe. Lakini joho la mahafali, koti jeupe la daktari au joho la wakili yanadai kitu: huyu amesoma, huyu ana leseni. Ukimvisha asiye nacho, hapo umeghushi sifa, hata kama kwenye maandishi hukuandika neno.

Mnaona sasa kwamba mstari haupimwi kwa wingi wa mabadiliko? Kuondoa chunusi kumi ni mabadiliko mengi na si uongo. Kubadilisha koti moja ni badiliko moja na ni uongo mkubwa.

Kuna wanaosema wapinzani wetu wanafanya zaidi, sisi tukiwa waungwana tutaonekana wachovu ukutani. Nawajibu kwa mfano wa Uingereza. Januari 2010 chama cha Conservative kilibandika nchi nzima bango la David Cameron, uso laini kama yai, kando yake ahadi ya kupunguza nakisi ya bajeti bila kugusa huduma ya afya. Watu waliacha ahadi wakashika uso. Ikafunguliwa tovuti ambapo mtu yeyote aliweza kuandika maneno yake kwenye bango lile, na vichekesho vikasambaa. Chama chake kiliongoza kwa viti uchaguzi ule, kwa hiyo sisemi bango liliwaangusha. Nasema walilipia mabango yaliyoishia kuwachekesha watu. Ukilainisha uso uliokaa kando ya neno "niamini", umempa adui kazi rahisi.

Na sisi tunagunduliwa upesi kuliko Cameron, kwa sababu diwani wetu anakutana na mpiga kura kwenye foleni ya maji. Wakaguzi wetu ni majirani. Wanatazama nini? Uso una rangi moja na shingo nyingine. Mikono ya miaka sitini, sura ya thelathini. Mlango au nguzo ya nyuma imepinda pale kiuno kilipobanwa. Ngozi haina hata kitundu cha jasho. Kabla ya kuchapa, pitieni hivyo vinne wenyewe.

Nimalizie na upande mwingine, kwa sababu najua humu ndani kuna wataalamu wa kutengeneza vichekesho vya wapinzani. Kumzeesha mpinzani, kumvimbisha, kumwekea chupa mkononi, halafu unarusha kwenye magrupu ya WhatsApp. Swali ni lile lile: mtu anaamini nini? Katuni ambayo kila mtu anajua ni katuni haimdanganyi yeyote. Picha inayoonekana ya kweli inadanganya. Na hapa sheria haina usingizi ule wa kwenye kesi za matokeo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inataja wazi taarifa iliyo katika picha. Ukiichapisha ukijua ni ya uongo au ya kupotosha, kwa nia ya kumchafua mtu, kumtukana, au kupotosha umma, adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Mimi nina malalamiko mengi kuhusu kifungu hicho na jinsi kinavyotumika, tutayazungumza siku nyingine. Ila hapa hawahitaji kuthibitisha kwamba matokeo ya uchaguzi yalibadilika. Wanahitaji simu yako tu. Na nyie mnajua nani huwa wa kwanza kukamatwa.

Basi napendekeza mambo matatu kwa kamati yetu ya mabango, nayo ni madogo. Moja, picha halisi isiyoguswa itunzwe, pamoja na tarehe iliyopigwa, ili tukiulizwa tuionyeshe bila kutafuta. Mbili, mgombea aione nakala ya majaribio, aishike, aikubali mwenyewe, si kutumiwa kwenye simu saa sita usiku aandike "poa". Tatu, kabla ya kuchapa, mpelekee jirani yake mmoja asiye mwanachama umwulize, "Huyu ni nani?" Akitaja jina bila kusita, chapa.

Yule mama wa viazi, bango lake la pili lilitoka na mvi zake zote. Tulimpiga barazani kwake, asubuhi, kivulini, hatua tatu nyuma. Hakushinda, na sababu za kutoshinda kwake mnazijua, hazikuwa za picha. Lakini bango moja bado lipo kwenye kibanda chake sokoni. Wateja wanalikuta pale na yeye yuko chini yake, anapima viazi, na hakuna anayeuliza huyu binti ni nani.

Nipo tayari kwa maswali, na kijana wetu wa grafiki yuko pale nyuma, msimcheke, amesharekebika.